Laini mpya na WhatsApp Business: jinsi ya kuanza bila akaunti kufungwa siku ya kwanza

Swali hili naulizwa karibu kila wiki hapa sokoni Majengo, Dodoma. Mtu anakuja na simu mkononi, laini ni ya jana, akaunti ya WhatsApp Business kaifungua asubuhi, na jioni kioo kinamwambia kwamba akaunti hiyo hairuhusiwi tena kutumia WhatsApp. "Kaka, sijatukana mtu, sijatapeli mtu, nimetangaza karanga zangu tu." Namwamini. Shida inakuwa ni namna alivyotangaza, kasi yake, na watu aliowatumia.

Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara mdogo mwenye wateja wa kweli na bidhaa ya kweli, anayeanza na namba mpya. Ukitafuta njia ya kuwatumia meseji watu elfu moja wasiokujua bila kukamatwa, hapa hutaipata. Watu wa namna hiyo ndio wanaofanya akaunti mpya zote zitazamwe kwa jicho kali.

Uwe navyo kabla ya kuanza

- Laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole na kwa namba yako ya NIDA. Isiwe ya binamu, wala ya wakala aliyekuuzia ikiwa tayari imesajiliwa.
- Simu janja yenye nafasi ya kutosha, na tarehe na saa zake zimewekwa zijirekebishe zenyewe.
- Barua pepe unayoweza kuifungua leo, si ile uliyotengenezewa miaka mitano iliyopita na nywila yake huikumbuki.
- Picha safi ya biashara na picha tano hadi kumi za bidhaa ulizopiga mwenyewe.
- Daftari la wateja wako, au orodha yao kwenye simu.
- Wiki nne za subira. Hiki ndicho kinachowashinda wengi.

Jambo moja la kuelewa kwanza

WhatsApp hawasomi meseji zako, kwa sababu zimefungwa kati yako na mpokeaji. Wanachotazama ni mwenendo. Mwaka 2019 walieleza hadharani kwamba huipima akaunti katika hatua tatu: inaposajiliwa, inapotuma, na watu wanapoilalamikia. Wakati huo walisema wanafunga zaidi ya akaunti milioni 2 kila mwezi, na zaidi ya robo tatu yake zinafungwa bila mtu yeyote kuwa ameziripoti karibuni. Kwa hiyo usijidanganye kwamba hujaripotiwa hivyo uko salama. Namba iliyozaliwa saa nne asubuhi na kuwaandikia watu mia mbili wapya kabla ya magharibi inafanana kabisa na mashine ya matapeli, hata kama unauza ubuyu.

Sasa tuanze.

1. Ichunguze laini kabla ya kuisajili WhatsApp

Namba isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa na mtandao na kuuzwa tena. Laini uliyoinunua leo ikiwa kwenye pakiti inayong'aa inaweza kuwa iliwahi kuwa ya mtu mwingine, na huenda mtu huyo aliitumia vibaya.

Piga *106# ufuate maelekezo, uhakikishe namba hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta humo namba usiyoijua, rudi kwenye duka la mtandao huo ukaiondoe. Kisha ihifadhi namba yako mpya kwenye simu ya rafiki na uitafute kwenye WhatsApp yake. Ikitokea picha ya mtu usiyemjua, ujue mwenye namba wa zamani bado ana akaunti hai juu yake. Kaa nayo pia siku mbili tatu ukitumia simu na meseji za kawaida tu. Zikianza kuingia meseji za kudai mikopo ya mtandaoni kwa jina la mtu mwingine, mimi ningeirudisha na kuchukua nyingine. Laini haina gharama kubwa, lakini namba uliyokwisha kuichapisha kwenye bango na kwenye madumu ya mafuta inauma kuibadilisha.

2. Pakua programu halisi

Ingia Play Store au App Store na uchukue WhatsApp Business yenyewe. Usipokee faili la kurushiwa na jirani, na usiguse GB WhatsApp wala WhatsApp Plus. Hizo ni programu zilizotengenezwa na watu wengine, na kuzitumia peke yake ni sababu ya kufungiwa. Wapo wanaoniambia wameitumia GB miaka mitatu bila tatizo. Namba yao ni ya zamani na ina historia ndefu. Yako ina siku moja.

Kama simu yako ina laini mbili, WhatsApp ya kawaida ibaki kwenye namba yako ya siku zote, na WhatsApp Business uiweke kwenye namba mpya. Namba moja haiwezi kuwa kwenye programu zote mbili kwa wakati mmoja.

3. Thibitisha namba mara moja, kwa utulivu

Chagua Tanzania, kisha andika namba bila sifuri ya mwanzo, kwa sababu +255 imeshachukua nafasi yake. Laini iwe ndani ya simu hiyohiyo. Utapokea tarakimu sita kwa meseji.

Kosa linalojirudia hapa ni papara. Meseji ikichelewa dakika moja mtu anabonyeza atumiwe tena, na tena, na tena, kisha anafuta programu na kuipakua upya. Kila ombi huongeza muda wa kusubiri, na mwisho unajikuta umeambiwa usubiri saa kadhaa. Subiri kipima muda kiishe, halafu chagua kupigiwa simu. Hakikisha una mtandao mzuri. Mteja wangu mmoja wa Hombolo alihangaika nyumbani asubuhi nzima, akapanda mlimani, na ikaingia kwa dakika moja.

Tarakimu hizo sita asizijue mtu, hata anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja. Ukipata meseji ya kuziomba, ipeleke kwenye namba 15040, ambayo ni ya kuripoti utapeli wa simu.

4. Weka PIN na barua pepe siku hiyohiyo

Fungua Settings, kisha Account, kisha Two-step verification. Weka PIN ya tarakimu sita utakayoikumbuka, isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Ukimaliza, weka barua pepe na uithibitishe.

Hii inahusiana moja kwa moja na kufungiwa. Akaunti mpya za wafanyabiashara huibwa sana, na mwizi akishaingia anawatumia wateja wako wote meseji za kuomba pesa. Wakikuripoti, inayofungwa ni namba yako. Bila barua pepe, ukisahau PIN utasubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuiweka upya.

5. Jaza wasifu wa biashara mpaka mwisho

Ingia Settings, kisha Business tools, kisha Business profile. Kwenye baadhi ya simu imeandikwa Tools tu.

Jina liwe la biashara yako kama watu wanavyoliita. "Mafuta ya Alizeti Majengo" ni jina zuri. "OFA OFA BEI CHEE 2026" si jina, na mpokeaji akiliona kabla hata ya kufungua ujumbe kidole chake kinaenda kwenye kuzuia. Usiweke jina la kampuni kubwa wala la mtandao wa simu, hata kama wewe ni wakala wao halali, kwani hiyo inasomeka kama kujifanya mtu mwingine.

Picha iwe ya meza yako, duka lako au nembo yako mwenyewe. Usichukue picha ya mtandaoni. Kundi la biashara chagua linalokuhusu. Anuani iandike kwa namna mtu wa Dodoma atakavyofika: "Soko la Majengo, upande wa nafaka". Saa za kazi ziwe za kweli. Kwenye maelezo andika sentensi mbili au tatu: unauza nini, kwa vipimo gani, unapeleka wapi.

Kisha weka ujumbe wa kukaribisha. Huu hutumwa wenyewe kwa mtu anayekuandikia kwa mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14. Uwe mfupi, utaje jina lako na useme utajibu lini. Mteja wangu mmoja anaanza kwa "Mbukwenyi, karibu", na wateja wake wa Kigogo wanamjibu kwa furaha kabla ya kuuliza bei.

6. Katalogi: vitu vichache, na vinavyoruhusiwa

Anza na bidhaa tano, kila moja na picha yake, bei kwa shilingi na kipimo. Dumu la lita 5, dumu la lita 20, kilo ya karanga. Inatosha.

Hapa kuna mtego wa kwetu hasa. Sera ya WhatsApp hairuhusu kuuza pombe kupitia huduma zao, na mvinyo wa Dodoma ni pombe hata ukiwa umetengenezwa kwa zabibu za Mpunguzi na una vibali vyote vya serikali. Wanyama hai nao wamo: mbuzi, kuku wa kienyeji, ng'ombe wa mnadani. Tumbaku na dawa za binadamu pia. Niliwahi kuona katalogi yenye bidhaa kumi na mbili nzuri na chupa mbili za mvinyo, na chupa hizo mbili ndizo zilizoleta matatizo. Uza zabibu mbichi, uza zabibu kavu, uza juisi. Mvinyo na mbuzi viache viuzwe dukani na mnadani.

7. Siku saba za kwanza: wao waanze kukuandikia

Hatua hii ndiyo inayoamua kila kitu. Mteja anapokuandikia yeye kwanza, hakuna anayeweza kusema umemsumbua. Akikuuliza bei na wewe ukamjibu, akakuhifadhi, mkaendelea kuongea, akaunti yako inajenga historia ya mazungumzo ya pande mbili. Ukimwandikia wewe kwanza naye hana namba yako, WhatsApp humpa hapohapo nafasi ya kukuzuia au kukuripoti. Akikuripoti, meseji zako hadi tano za mwisho kwake zinapelekwa kwao kukaguliwa.

Kwa hiyo wiki nzima ya kwanza usimwandikie mtu asiye na namba yako. Tengeneza kiungo cha kukufikia. Andika namba yako kwa kuanza na 255, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri, bila nafasi katikati:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Naomba%20bei%20ya%20mafuta
```

Mtu akikibonyeza, WhatsApp yake inafunguka ikiwa na maneno hayo tayari, naye anabonyeza kutuma tu. Kiungo hicho kiweke kwenye kurasa zako nyingine za mtandaoni na kwenye meseji za kawaida. Ndani ya programu pia kuna Short link yenye picha ya msimbo wa kuskani. Ichapishe kwenye karatasi uibandike mezani, na nyingine ndogo kwenye madumu. Watu wa stendi na wa ofisini wanaskani bila kuuliza.

Katika wiki hiyo ongea na familia, rafiki na wauzaji wenzako kama kawaida. Weka Status moja kwa siku, kwa mfano picha ya karanga zilizoingia leo. Usijiunge na magrupu kumi kwa siku moja. Usiunganishe kompyuta wala simu nyingine bado. Nafasi zipo nne, na zitakungoja.

8. Wiki ya pili na ya tatu: wateja wako wa zamani, mmoja mmoja

Sasa fungua daftari. Chukua wale tu walionunua kwako na waliokupa namba wenyewe. Namba ulizozichota kwenye grupu la michango ya harusi au la wazazi wa shule si za wateja wako. Watu hao hawajakuruhusu, na nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayosimamiwa na tume yenye makao yake hapahapa Dodoma.

Kama unaweza, mpigie kwanza au mtumie meseji ya kawaida umjulishe namba mpya. Halafu WhatsApp, watu wachache kwa siku. Kampuni haijatangaza idadi inayoruhusiwa. Mimi nawashauri watu wangu wasizidi 10 wapya kwa siku katika wiki ya pili, na 15 katika ya tatu, wakiwatawanya asubuhi hadi jioni. Hicho ni kiwango cha tahadhari nilichokizoea.

Kila ujumbe uandike upya. Taja jina la mtu na kitu alichonunua. "Habari za asubuhi mama, ni mimi wa mafuta ya alizeti Majengo. Ile namba ya zamani ilipotea, hii ndiyo mpya. Naomba uihifadhi. Kama hupendi nikuandikie huku niambie tu." Usiweke kiungo ndani ya ujumbe huo wa kwanza, na usiambatanishe picha ya bei. Asipojibu, mwache. Kumkumbusha mtu asiyejibu mara ya pili na ya tatu ndiko kunakozaa ripoti.

Angalia majibu. Watu kumi ukiwaandikia na saba wakajibu, endelea. Wakijibu wawili, simama siku mbili na urudie orodha yako, kwa sababu huenda namba nyingi sasa ni za watu wengine.

9. Wiki ya nne: orodha ya matangazo, kisha grupu

Orodha ya matangazo inabeba hadi watu 256, lakini ujumbe wake unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana nilisisitiza waihifadhi. Anza na watu thelathini ambao mmeshaongea, tangazo moja kwa wiki, na mwishoni uwaambie wanaweza kukuambia wasitumiwe tena. Anayesema inatosha mtoe siku hiyohiyo.

Grupu usimwingize mtu kwa nguvu. Tuma kiungo cha kujiunga kwa anayetaka. Mtu anayejikuta ndani ya grupu la biashara saa tano usiku hatafuti kitufe cha kutoka tu, anaripoti kwanza.

Mfano mmoja hatua kwa hatua

Dada mmoja anauza mafuta ya alizeti na karanga anazofuata Kibaigwa. Simu yake iliibwa, na laini ya zamani ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kwa hiyo hakuweza kuirudisha. Alibaki na daftari lenye namba 340. Jumamosi akanunua laini mpya, mpwa wake akamwingizia namba zote, akafungua grupu la watu zaidi ya mia moja na kurusha picha ya bei. Saa mbili usiku alikuwa amefungiwa.

Alipokuja Jumatatu alitaka nimfungulie laini nyingine. Nikamwambia, "Dada, ukienda na namba nyingine kwa mtindo uleule utafika palepale." Tukafungua programu, tukabonyeza Request a review, tukaandika ukweli kwa maneno machache: yeye ni muuza mafuta, amepoteza namba, aliwaweka wateja wake kwenye grupu bila kuwauliza na hatarudia. Kesho yake akaunti ilifunguliwa.

Tulianza kwa kulifuta grupu. Kisha tukakaa na daftari. Katika namba 340, walionunua ndani ya miezi sita walikuwa 92. Wengine hawakumbuki hata ni akina nani, zikiwemo namba za madereva wa malori na watu waliouliza bei mara moja. Tukaziacha zote.

Wiki ya kwanza hakumwandikia mtu kwenye WhatsApp. Alinunua kifurushi cha meseji za kawaida, akawajulisha wale 92 namba mpya kidogo kidogo, na kiungo cha wa.me kikakaa mwishoni mwa meseji. Karatasi yenye msimbo tuliibandika kwenye mzani. Mpaka Jumapili watu 31 walikuwa wamemwandikia wenyewe. Wiki ya pili na ya tatu aliwaandikia waliobaki, sita hadi nane kwa siku, kila mmoja kwa jina lake. Arobaini na wawili walijibu. Wawili walimwambia hawataki, akawashukuru na kuwafuta.

Wiki ya nne alitengeneza orodha ya matangazo ya watu 64. Tangazo la kwanza lilikuwa fupi: mafuta yameingia, dumu la lita 20 bei hii, anapeleka Area C na Kikuyu siku ya Ijumaa. Wengi waliagiza siku hiyo kuliko aliowahi kupata kwa kurusha picha kwenye magrupu.

Mambo yakienda kombo

*Unaambiwa akaunti hairuhusiwi kutumia WhatsApp.* Bonyeza Request a review, thibitisha kwa tarakimu sita utakazotumiwa, eleza kwa ufupi na kwa ukweli. Ombi moja linatosha. Mara nyingi jibu huja ndani ya saa 24. Usilipe mtu anayedai ana ndugu ndani ya kampuni anayefungua akaunti. Namwona kila mwezi aliyetapeliwa hivyo.

*Unaonyeshwa saa inayohesabu kurudi nyuma.* Hicho ni kifungo cha muda, na mara nyingi kinatokana na programu isiyo halali. Ngoja muda uishe, ondoa programu hiyo na uweke ile ya Play Store. Ukirudi kwenye GB baada ya onyo, kifungo kinachofuata kinaweza kuwa cha kudumu.

*Unaweza kuwajibu watu lakini huwezi kuanzisha mazungumzo mapya.* Akaunti yako imewekewa kizuizi kwa kuandikia wageni wengi. Hujafungiwa. Endelea kuwajibu wateja wanaokuandikia, na kizuizi kikiisha urudi kwenye hatua ya 7 kwa wiki nzima.

*Namba ni mpya kabisa kwako lakini inakataa tangu mwanzo.* Huenda mwenye kuitumia zamani alifungiwa. Omba ukaguzi na useme laini umeinunua lini. Ikikataliwa, badilisha laini kabla hujamgawia mtu namba.

*Inadai PIN usiyoijua.* Ni ya mwenye namba wa zamani. Subiri siku 7 bila kubahatisha tarakimu, kisha utaruhusiwa kuweka yako.

*Tangazo linatoka lakini halifiki.* Ukiona tiki moja tu kwa watu wengi, au ukigundua wengine hawakupata kabisa, hawajahifadhi namba yako. Usilirushe tena. Waandikie wachache kwa majina, uombe waihifadhi, ujaribu wiki ijayo.